"Sawa" Yenye Nukta

Saa moja unusu asubuhi, muuguzi mmoja anatoka zamu ya usiku mjini Bungoma. Akiwa steji ya Kanduyi, kabla ya kupanda bodaboda, anatoa simu na kuandika: "Nimetoka sasa hivi. Miguu inauma, nataka kulala tu." Ujumbe unafika Suam, ng'ambo ya Kitale na Endebess, pale barabara inapokutana na mto ulio mpaka wa Kenya na Uganda. Huko kijana anayefanya uwakala wa forodha amekalia kreti tupu ya soda akingoja karatasi za lori la mahindi. Alimwandikia dada huyu tangu saa tatu usiku, akalala bila jibu, akaamka bila jibu. Sasa jibu limekuja. Vidole vinamwasha, anachapa huku akicheka peke yake: "Kumbe bado uko hai! Asante sana kwa kunikumbuka, mheshimiwa."

Dakika tatu baadaye anapata neno moja, na nukta mwishoni: "Sawa."

Hawa wawili ni wa kutungwa. Tuwape wiki tatu za kujuana, tangu walipoketi meza moja kwenye harusi huko Chwele, na tuwape simu za kawaida na bando la wiki. Ila hiyo "Sawa." haikutungwa. Ukiuliza watu kati ya Kitale na Bungoma waliowahi kutongoza au kutongozwa kwa simu, wachache watakuambia hawajawahi kuipokea, na wachache zaidi watakiri kwamba wao ndio huituma.

Kijana alimaanisha kitu kimoja tu: nilikukosa usiku kucha, na nimefurahi umeandika. Alipokuwa akichapa alijisikia akisema maneno yale kwa sauti yake mwenyewe, "mheshimiwa" likivutwa kidogo mwishoni, uso ukiwa umekunjuka. Dada hakupata sauti hiyo wala uso huo. Alipata maneno tisa, akayasoma akiwa na usiku mzima wa kusimama miguuni mwake. Wodini, nani bado yuko hai si jambo la mzaha. Huenda alfajiri ile ile amemfunika mtu shuka. "Asante sana kwa kunikumbuka" ikamfikia kama lawama ya kutojibu, ilhali alikuwa kazini. "Mheshimiwa" ikamwambia kwamba anajiona. Kila kipande kilikuwa na mwiba, na lile tabasamu la kuung'oa lilibaki juu ya kreti kule Suam.

Na kuna kingine ambacho kijana hakukiona kabisa. Dada aliandika kwamba miguu inamuuma. Mtu akikuambia hivyo kwa Kiswahili, anangoja "pole" kabla ya neno lingine lolote. Kejeli iliruka juu ya pole.

Kwamba mwandishi huisikia sauti yake na kudhani msomaji pia anaisikia, hilo limepimwa. Mwaka 2005 wanasaikolojia Justin Kruger wa Chuo Kikuu cha New York na Nicholas Epley wa Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na wenzao wawili, walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Mwanafunzi mmoja alipewa sentensi, nyingine za kejeli na nyingine za kweli tupu, azifikishe kwa mwenzake. Kuna waliosema kwa sauti na kuna walioandika kwa barua pepe. Kabla ya majibu kujulikana, watumaji waliulizwa wanafikiri wataeleweka kwa kiasi gani. Walikadiria asilimia 78, wawe wanasema au wanaandika. Waliosema walieleweka kwa asilimia 73, karibu na walivyotarajia. Walioandika walieleweka kwa asilimia 56.

Ukirusha shilingi hewani na kubahatisha, unapata 50. Kwa hiyo aliyeandika kejeli alimwachia mwenzake kazi isiyopishana sana na kurusha shilingi, huku yeye akiamini ameeleweka vizuri. Waliopokea nao hawakujua kwamba wanabahatisha: walijipa alama karibu asilimia 90 za kuelewa. Na lililo gumu zaidi kumeza ni hili: urafiki haukusaidia. Walioandikia marafiki zao hawakueleweka zaidi kuliko walioandikia watu wasiowajua.

Sababu yake inaonekana vizuri zaidi katika jaribio lingine, la Elizabeth Newton, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamifu Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1990. Aliwaomba watu wagonge meza kwa kidole kwa mapigo ya wimbo unaojulikana na kila mtu, wengine wasikilize na kuutaja. Wagongaji walidhani nusu ya nyimbo zitatambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3. Yeyote anaweza kulijaribu jioni hii nyumbani: gonga meza kwa mapigo ya wimbo wa harusi ambao hata watoto wanaujua. Kichwani mwako isukuti inalia, kina mama wanapiga vigelegele, hujui ni vipi mwenzako anaweza kukosa. Yeye anasikia ko, ko-ko, ko. Kijana wa Suam alikuwa akigonga meza.

Kiswahili kina namna yake ya kulizidisha tatizo hili, kwa sababu kinabebesha kiimbo mizigo mingi. Swali la ndiyo au la halihitaji neno la kuuliza: "umefika" ni habari na "umefika" ni swali, na kinachotofautisha ni kiimbo cha sauti. Lipo neno "je", lakini anayemwandikia mpenzi "Je, umefika?" anasikika kama msimamizi wa mtihani. Kejeli nayo hupita njia hiyo hiyo ya sauti. Mtu wa Kitale akitaka kumtania mwenzake kwa upole huvuta irabu, anasema kazi nguuumu, mtu wa maaana, anamtupia jicho la pembeni na kumalizia kwa kicheko cha puani. Akitaka kumchoma kweli hutumia maneno yale yale, ila sauti inakuwa bapa na pengine msonyo unafuata. Kwenye maandishi, mizaha yote miwili ni mapacha.

Wanafunzi wa sekondari hufundishwa kutofautisha kinaya na kejeli. Kinaya ni kinyume cha kinachotarajiwa. Kejeli ni kinyume hicho kikiwa kimeota meno, kinamdhihaki mtu. Lakini katika karatasi ya fasihi mwanafunzi ana tamthilia nzima ya kumwonyesha mhusika ana nia gani. Kwenye simu kuna mstari mmoja, na mtahiniwa amechoka.

Tazama pia maneno yenyewe. "Kumbe", "ati" na "kwani" ni maneno ya mshangao, na ana kwa ana ni matamu sana: "Kumbe unajua kupika!" ikisemwa jikoni, mwiko mkononi, ni sifa. Iandikwe, nayo inakuwa "nilidhani hujui kitu". "Ati umelala saa mbili?" inageuka kuwa "nadhani unanidanganya". "Kwani uko wapi?" inageuka kuwa mahojiano ya polisi. Na Kiswahili kina tabia ya kumkejeli mtu kwa kumpandisha cheo: mheshimiwa, bosi, mdosi, malkia. Katika nchi hii ya Elgon, ambako watu huitana papa, mayi, senge na khocha kwa heshima ya dhati, cheo alichopachikwa mtu bila kukiomba husikika haraka kama shtaka kwamba anajipa ukubwa.

Neno linaloumiza wengi kuliko yote hayo, hata hivyo, ni la kawaida mno kiasi kwamba watu hawalihesabu kuwa kejeli. Ni "umepotea". Ana kwa ana, sokoni Kitale, "Umepotea sana wewe!" ni salamu nzuri, mtu anakushika mkono, anacheka, na maana yake ni kwamba nafasi yako ilionekana ilipokuwa wazi. Limwandikie mtu uliyeanza kumpenda, ambaye hajajibu siku mbili, na linakuwa hati ya mashtaka: tarehe, kosa na mshtakiwa. Wapo wanaoongeza chumvi: "Umepotea, naona siku hizi una watu wakubwa." Hapo mwandishi anadhani amefanya mzaha kuhusu wivu wake. Msomaji amesoma wivu peke yake.

Sasa, je, watu waandike mapenzi kama wanaandika barua ya kuomba kazi? Hapana, na hapa ndipo ushauri mwingi wa mambo haya unapoharibika, kwa kuwa unaondoa kejeli na kuuondoa ucheshi wote pamoja nayo. Kuna kipimo cha kuvitenganisha, nacho hakihitaji kipaji. Kila mzaha ulioandikwa unaweza kusomwa njia mbili: msomaji anaweza kuyachukua maneno kama yalivyo, au kuyapindua kinyume. Mwandishi hawezi kumchagulia. Kwa hiyo asome zote mbili kabla ya kutuma, aone kama kuna moja yenye baridi.

"Hongera kwa kujibu haraka." Ukiichukua ilivyo, ni ya ajabu, maana hakujibu haraka. Ukiipindua, ni lawama. Hakuna mlango wa kuingilia wenye joto. "Naona uko bize sana kuokoa dunia." Ilivyo, ni sifa isiyoaminika, ikipinduliwa, inasema kazi yako si kitu. Sasa chukua hii: "Nimesikia ulipopita Kanduyi matatu zilisimama zenyewe." Msomaji akiamua kwamba ni sifa, amesifiwa. Akiamua kwamba ni chumvi, ni chumvi aliyomwagiwa kwa mapenzi. Chumvi ya kupindukia, ile ambayo haiwezi kuwa kweli hata kidogo, huvuka maandishi salama kwa sababu haina kinyume chenye sumu. Kinyume cha "matatu zilisimama" ni kwamba hazikusimama, na nani alidhani zilisimama?

Kilicho salama zaidi ni mzaha unaomrudia mwenyewe aliyeandika. Kijana wetu alikuwa na mali nzuri mkononi na hakuiona: alikuwa kwenye foleni ya forodha, na alikuwa akikagua simu mara kwa mara tangu usiku. Angeandika hivi:

"Pole kwa usiku mrefu. Mimi huku nimekagua simu kuliko forodha walivyokagua hili lori. Lala kwanza."

Yote aliyotaka kusema yamo humo. Kwamba alingoja, limesemwa. Kwamba alimkosa, limesemwa. Kuna hata lalamiko dogo, kwa anayetaka kulitafuta, lakini anayechekwa ni yule wa Suam na simu yake. Pole imetangulia. Na "lala kwanza" inamwondolea dada deni la kujibu akiwa juu ya bodaboda. Isome njia zote mbili, joto lipo.

Wenye wasiwasi wana kipimo cha pili, nacho kinatoka kwenye majaribio yale ya Kruger na wenzake. Katika mojawapo, waandishi waliambiwa wasome sentensi zao kwa sauti, ila kwa kiimbo kilicho kinyume na walichokusudia: ya kejeli waisome kama ya kweli, ya kweli waisome kama kejeli. Baada ya hapo kujiamini kwao kulishuka. Walianza kuona kwamba maneno yao yana masikio mawili. Kwa matumizi ya nyumbani, mtu achukue ujumbe wake na kuusoma polepole kwa sauti ya karani anayetaka kufunga ofisi, bila kutabasamu. "Asante. Sana. Kwa kunikumbuka. Mheshimiwa." Ukisikika vibaya kwa sauti hiyo, kuna asubuhi ambayo utasikika hivyo kwa msomaji.

Jambo moja linawatatiza wengi: mbona babu anasema makali kuliko haya na hakuna anayenuna? Katika boma nyingi za Wabukusu na jirani zao, kuka humwita mjukuu wake wa kike mke wake, humwambia hajui kusonga ugali na kwamba ataoa mwingine, na mjukuu naye hujibu kwamba mume mwenyewe hana meno. Wataalamu wa jamii wameliandika jambo hili kwa miaka mingi. A. R. Radcliffe-Brown alichapisha mwaka 1940 makala maarufu kuhusu utani, akiueleza kuwa ukosefu wa adabu ulioruhusiwa, na mwaka 1944 R. E. Moreau akaandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika, ambako neno lenyewe lina uzito wa taasisi: mtani ana haki ya kukutukana hata msibani, na ana wajibu wa kuchimba kaburi.

Neno la kushika hapo ni "ulioruhusiwa". Mjukuu hakukasirika kwa sababu ruhusa ilikuwapo kabla hajazaliwa. Watani wa Tanganyika waliikuta kwa mababu. Hata vijana wanaorushiana mchongoano shuleni wana ruhusa yao: wanajua mchezo umeanza, kila mmoja ana zamu, na umati unaocheka ndio mwamuzi. Watu wawili waliojuana wiki tatu tangu harusi ya Chwele hawana babu wa kuwapa ruhusa, na kwenye simu hakuna umati. Kejeli kati yao ni utani usio na leseni.

Leseni hiyo hupatikana, lakini mwenye kuitoa ni yule anayetaniwa. Dalili yake ni kwamba yeye ndiye anayeanza. Siku dada atakapoandika "Leo umewahi kuamka, lori limekimbia na mahindi?", amefungua mlango, na ameufungua kuhusu lori na mahindi. Kijana anaweza kuingia kwa mlango huo huo, kwenye lori na mahindi. Haimaanishi sasa anaweza kutania uzito wake, mshahara wake au mama yake. Watu wengi hukosea hapa, wanapewa mlango mmoja wanabomoa ukuta.

Wengine watauliza kuhusu emoji. Historia yake inaanzia hasa kwenye tatizo hili. Mnamo Septemba 1982, kwenye ubao wa matangazo wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mtu aliandika kwa mzaha kwamba lifti moja imechafuliwa na zebaki kutokana na jaribio la fizikia, na kuna waliolichukua kuwa onyo la kweli. Wakaanza kujadiliana namna ya kuwekea mizaha alama. Tarehe 19, mtaalamu wa kompyuta Scott Fahlman akapendekeza alama tatu zinazosomwa kwa kulaza kichwa, `:-)`, na kwa yasiyo mzaha, `:-(`. Kwa habari za lifti zilitosha. Kwa mapenzi hazitoshi, kwa sababu uso unaocheka hausemi nani anachekwa. Ule wa kicheko cha machozi ukiuweka baada ya "mheshimiwa", dada aliyechoka anaweza kuona watu wawili wanaomcheka badala ya mmoja. Emoji hukoleza kilichopo. Uji uliomwagwa chumvi hauwi wa sukari kwa kuongezewa maziwa.

Ujumbe wa sauti ni habari nyingine. WhatsApp iliuleta mwaka 2013, na kwa mzaha ni dawa yenyewe, kwani irabu zinavutika na kicheko cha puani kinasikika. Lakini una mipaka ambayo anayeutuma huisahau. Anayepokea akiwa kwenye matatu ya Kitale bila visikilizio ana mambo mawili ya kufanya: aufungue na abiria wote wausikilize, au auache mpaka jioni. Na usizidi nusu dakika. Mzaha wa dakika tatu ni mahubiri.

Turudi kwa "Sawa." yenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Celia Klin na wenzake, waliwaonyesha wanafunzi 126 mazungumzo mafupi ya simu ambamo mtu anajibu kwa neno moja, ama likiwa na nukta au bila. Majibu yenye nukta yalionekana hayana moyo. Yalipoandikwa kwa mkono kwenye karatasi, nukta haikubadilisha kitu. Hao walikuwa Wamarekani wakisoma Kiingereza, na mtu asichukue matokeo yao yakawa sheria ya Bungoma. Ila wasemaji wa huku wana ngazi zao, nao wanazijua bila utafiti. "Sawa sawa" ni mlango wazi. "Sawa basi" ni kuaga kwa amani. "Sawa tu" ina kitu imeficha. "Haya" ni ya kuchunga. "Sawa." yenye nukta, kutoka kwa mtu ambaye jana hakuwa na nukta, imefunga duka. Nukta peke yake haisemi kitu. Wapo wanaoiweka kila mahali, hasa walimu. Linalosema ni badiliko: jibu limefupika, "aki" na "wueh" zimetoweka, jina la utani limerudi kuwa jina la ubatizo.

Ukimya, kwa upande wake, ni shahidi dhaifu, na huko Suam ni dhaifu zaidi. Simu iliyo kando ya mto ule hukamata mtandao wa Uganda bila kuomba ruhusa, na ujumbe hukaa na tiki moja saa nzima huku mwenyewe akidhani ameachwa. Kabla ya kujihukumu kwamba amepuuzwa, mtu wa mpakani aangalie kwanza yuko nchi gani.

Kijana wetu alipoipata "Sawa." alifanya kosa la pili, ambalo kwa kawaida ndilo huua. Aliandika: "Mbona umenuna? Si ni mzaha tu." Kwa sentensi hizo mbili kosa limehamia kwa dada: sasa ananuna, na hajui mzaha. Kufuta nako hakusaidii, kwa sababu simu ya mwenzako inabaki na alama kwamba kuna kitu kilifutwa, na kitu kilichofutwa husomwa kuwa kibaya kuliko kilivyokuwa. Kuhariri kunawezekana, WhatsApp iliruhusu tangu mwaka 2023, lakini ni ndani ya dakika 15 tu, na nayo huacha alama.

Kilichobaki ni kusema maana yenyewe, bila kuivisha nguo yoyote. Saa nne asubuhi, lori likiwa limeruhusiwa, kijana anatembea upande wa Endebess mpaka simu yake inarudi kwenye mtandao wa nyumbani, anaandika: "Asubuhi nimekuandikia vibaya. Nilitaka kusema nilikukosa usiku, ikatoka kama nakusuta. Pole na kazi. Ukiamka nitakupigia." Hakuna emoji hata moja. Hakuna swali la kumlazimisha kujibu. Na amejishika asiongeze mstari wa kuchekesha mwishoni, jambo ambalo kwa mtu wa aina yake ni kazi kuliko kupakua magunia.

Saa tisa anapiga. Inalia mara nne, inapokelewa, kuna sauti ya kitanda na ya mtu anayepiga miayo.

"Mheshimiiiwa," anasema dada. "Lori lilipita?"